Ushahidi Huu Unajibu Nini?

Msikilizaji, wanafunzi wanaojiandaa kwa mitihani ya uhasibu, iwe ile ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu nchini Tanzania au ile ya KASNEB nchini Kenya, hufika kwenye somo la ukaguzi wakiwa na karatasi za kudurusu zinazofanana sana. Ukaguzi umepangwa kwa hatua: kukubali kazi, kupanga, kumwelewa mteja na biashara yake, kutathmini vihatarishi, kukusanya ushahidi, kuhitimisha na kutoa maoni. Chini ya kila hatua kuna dondoo tano au sita, na pembeni kisanduku cha kutia alama ya vema. Mwanafunzi anaikariri kuanzia juu mpaka chini, na akiulizwa aina za ushahidi anazitaja zote bila kukwama. Mpangilio huo wenyewe hauna kosa. Lililokosekana ni kamba inayofunga hatua moja na nyingine. Kihatarishi kinaandikwa kwenye hatua ya nne, ushahidi unaorodheshwa kwenye hatua ya tano, na hakuna mahali karatasi inapolazimisha kuuliza ushahidi huu unajibu kihatarishi kipi, na unajibu kauli gani ya uongozi wa kampuni. Hoja yangu leo ni kwamba swali hilo likikosekana, mkaguzi anaweza kutia vema kwenye kila kisanduku na bado akawa hajakagua kitu, kwa hiyo karatasi ya kudurusu iandikwe upya kulizunguka swali hilo.

Hili lilishatokea, na kwa kiwango kikubwa. Mwezi Desemba 1938, huko Marekani, iligundulika kwamba kampuni ya dawa ya McKesson & Robbins ilikuwa na mali nyingi za karatasi tu. Mizania yake ilionyesha mali za takriban dola milioni 87, na kati ya hizo karibu milioni 19 hazikuwepo: kama milioni 10 zilikuwa bidhaa zinazodaiwa kuwa kwenye maghala na kama milioni 9 madeni ya wateja. Mkuu wa kampuni alijulikana kama F. Donald Coster, lakini jina lake halisi lilikuwa Philip Musica, mtu aliyewahi kutiwa hatiani kabla, na ndugu zake walikuwa ndani ya mpango huo kwa majina ya bandia. Kitengo cha dawa ghafi kilinunua na kuuza bidhaa ambazo hakuna aliyeziona, kupitia wakala wa mauzo ambaye naye alikuwa jina tupu. Wakaguzi, Price Waterhouse, walizipitia hesabu hizo mwaka hadi mwaka wakiwa na ankara, mikataba na hati za usafirishaji mikononi. Karatasi hazikupungua. Ila taratibu zilizokubalika wakati ule hazikumlazimisha mkaguzi kwenda ghalani kushuhudia bidhaa zikihesabiwa, wala kumwandikia mteja anayedaiwa na kumwuliza kama kweli anadaiwa.

Tazama kilichokosekana pale. Uongozi unapoweka tarakimu kwenye hesabu unakuwa umetoa kauli kadhaa kwa mpigo. Ukiandika kwamba wateja wanakudai... la, kwamba unawadai wateja kiasi fulani, umesema kwamba madeni hayo yapo, kwamba ni haki yako kuyadai, kwamba umeyaandika yote, kwamba yameingia kwenye mwaka wake, na kwamba yatalipika kwa thamani uliyoandika. Nyaraka za Musica zilijibu swali la kama vitabu vinalingana na makaratasi, na vililingana. Swali la kama dawa zipo halikujibiwa na chochote, maana kila karatasi iliyotumika kuthibitisha uwepo wake ilitoka kwa watu walewale waliodai kwamba zipo. Ndiyo maana mwaka 1939 taasisi ya wahasibu ya Marekani ilitoa mwongozo uliofanya kushuhudia uhesabuji wa bidhaa na kuthibitisha madeni kwa wadaiwa wenyewe kuwa taratibu za kawaida. Leo kazi hizo mbili zimo kwenye karatasi ya kila mwanafunzi, lakini mara nyingi zimeachwa pweke, bila kueleza ziliingia hapo kujibu kauli ya uwepo.

Basi tuziendee hatua zenyewe, na ili tusizungumze hewani tuchukue kampuni ya kubuni: muuzaji wa jumla wa vigae, saruji na mabati aliyeko Dar es Salaam, anayefunga mwaka wake tarehe 31 Desemba. Mauzo ya mwaka ni shilingi bilioni 12, yakiwa yamepanda kutoka bilioni 11. Faida kabla ya kodi ni milioni 600. Madeni ya wateja ni bilioni 2.4, na mwaka uliotangulia yalikuwa bilioni 1.4. Wateja hupewa siku 30 za kulipa. Na kuna jambo moja limo kwenye kumbukumbu za vikao vya bodi: kampuni imeomba mkopo mpya, na benki inasubiri hesabu zilizokaguliwa kabla ya kuamua.

Hatua ya kupanga huanza na mambo ambayo sitayakalia sana: je, mkaguzi yuko huru, je, ana watu na muda wa kutosha, je, barua ya makubaliano imesainiwa. Yote hayo yana uzito wake, ila karatasi nyingi huyaeleza vizuri. Kinachoelezwa vibaya ni kiwango cha uzito, yaani kiasi ambacho kosa likikifikia linaweza kubadili uamuzi wa mtu anayezisoma hesabu. Wanafunzi hukariri kuwa ni asilimia 5 ya faida kabla ya kodi, wakaishia hapo. Asilimia 5 ya milioni 600 ni milioni 30, na kwa biashara inayotengeneza faida ya kawaida hicho ni kianzio kinachotumika sana. Lakini viwango vya kimataifa havijataja asilimia hiyo kama sheria. Vimemwachia mkaguzi aamue kwa kumtazama msomaji wa hesabu, na msomaji mkuu wa hesabu hizi ni benki itakayozitazama ili iamue kuhusu mkopo. Kisha chini ya milioni 30 huwekwa kiwango kingine cha kufanyia kazi, tuseme asilimia 75 yake, ambayo ni milioni 22.5, kwa sababu makosa madogo kadhaa yasiyogunduliwa yanaweza kujumlishwa yakavuka mstari. Kiwango hiki cha pili ndicho kinachoamua mkaguzi atachukua sampuli kubwa kiasi gani. Mwanafunzi anayekiruka hawezi kueleza kwa nini sampuli yake ina wateja 40 na si 15.

Sasa tathmini ya vihatarishi, ambayo kwangu ndiyo kitovu cha karatasi nzima. Kiwango cha kimataifa cha ukaguzi namba 315, kilichofanyiwa marekebisho mwaka 2019 na kuanza kutumika kwa vipindi vinavyoanza tarehe 15 Desemba 2021 au baada yake, kinamtaka mkaguzi aitathmini hatari ya asili peke yake, kabla ya kuangalia kama udhibiti wa ndani wa kampuni unaipunguza. Na kinataka aifanye katika ngazi ya kauli. Hapo ndipo dondoo la kawaida linapoanguka. Mwanafunzi huandika: kihatarishi ni madeni ya wateja yamepanda. Hilo si kihatarishi, ni dalili. Mauzo yamepanda kwa asilimia 9, madeni yamepanda kwa zaidi ya asilimia 70. Ukigawa madeni kwa mauzo na kuzidisha kwa siku 365, mwaka jana wateja walichukua wastani wa siku 46 kulipa, na mwaka huu siku 73. Dalili iko wazi. Lakini inasema nini?

Inaweza kusema mambo mawili yaliyo mbali kabisa. La kwanza, wateja ni wa kweli, vigae walichukua, ila biashara ya ujenzi imelegea na wameshindwa kulipa. Kihatarishi hapo ni cha thamani: deni lipo, lakini bilioni 2.4 haitapatikana yote, na kampuni ilipaswa kutenga kiasi cha hasara. La pili, kuna mauzo yaliyoandikwa mwezi Desemba ambayo mzigo wake haujatoka, au mteja wake hayupo, ili benki ione ukuaji. Kihatarishi hapo ni cha uwepo wa mauzo na madeni, na cha kuyaweka mauzo kwenye mwaka wake. Dalili ni moja, vihatarishi ni viwili, na ushahidi unaofaa kwa kimoja unaweza usiseme chochote kuhusu kingine. Mkaguzi anayeandika tu kwamba madeni yamepanda ataingia hatua inayofuata bila kujua anatafuta nini.

Kuna kitu kingine kinachosaidia kuchagua uzito wa kila kihatarishi. Tukitazama tarehe za ankara, tunakuta ankara za milioni 640 ziliandikwa katika siku kumi za mwisho za Desemba, wakati wastani wa siku kumi kwa kampuni hii ni kama milioni 330. Tena, kiwango namba 240, kinachohusu udanganyifu, kinamtaka mkaguzi aanze kwa kudhani kuwa kuna hatari ya udanganyifu katika mapato, na akiona haipo aandike sababu zake. Ongeza mkopo unaosubiriwa. Kihatarishi cha pili kinapanda juu kabisa. Cha kwanza hakifutiki, kinabaki palepale.

Wengi watakumbuka kanuni ya hatari ya ukaguzi: hatari ya asili mara hatari ya udhibiti mara hatari ya kutogundua. Inafundishwa kama hesabu, na kama hesabu inaeleweka haraka. Ukikubali hatari ya jumla ya asilimia 5, ukaiona hatari ya asili ni asilimia 100 na ya udhibiti ni asilimia 50, basi nafasi uliyobaki nayo ya kushindwa kugundua ni asilimia 10. Udhibiti ukiwa haufai kabisa, nafasi hiyo inashuka mpaka asilimia 5, nawe unapaswa kufanya kazi kubwa zaidi. Uelekeo huo ndio wenye faida. Tarakimu zenyewe ni makadirio ya mtu, hazikupimwa kwa mizani yoyote, na mwanafunzi anayezitoa kwenye mtihani kana kwamba zimepimwa anajidanganya. Zaidi ya hapo, kanuni inasema ufanye kazi zaidi. Haisemi kazi ipi, na kazi isiyolenga hata ikiongezwa mara tatu haigundui kitu.

Tuje kwenye aina za ushahidi. Karatasi ya kawaida huzitaja hivi: kukagua nyaraka au mali, kuangalia kazi ikifanyika, kuuliza, kupata uthibitisho kutoka nje, kukokotoa upya, kurudia utaratibu, na uchambuzi wa kulinganisha. Halafu hufuata ngazi ya kuaminika: ushahidi wa nje unaushinda wa ndani, ulioupata mwenyewe unaushinda ulioletewa, wa maandishi unaushinda wa mdomo, hati halisi inaishinda nakala. Ngazi hii ni ya kweli kwa jumla, lakini inajibu swali moja tu: ushahidi huu unaaminika kiasi gani? Kuna swali linalotangulia: unahusika na nini? Mteja wa Kariakoo akikuandikia moja kwa moja kwamba ni kweli anadaiwa milioni 200, una ushahidi mzito kuwa deni lipo. Hana alichokuambia kuhusu kama ana fedha za kulilipa. Anaweza kusaini barua hiyo leo na kesho akafunga duka. Kwa kihatarishi cha thamani, karatasi dhaifu kwenye ngazi, kama vile taarifa ya benki ya Januari na Februari iliyoko kwenye faili la kampuni, ina faida kuliko barua ile, kwa sababu inaonyesha fedha zikiingia. Na fedha zilizoingia baada ya mwaka, zikilinganishwa na ankara husika, zinajibu mambo mawili kwa pamoja, kwamba deni lilikuwepo na kwamba lililipika. Katika biashara ndogo na za kati ningeanza na kipimo hicho, mradi mkaguzi ahakikishe fedha zilitoka kwa mteja mwenyewe, wala hazikuzungushwa kutoka akaunti nyingine ya kampuni.

Jambo jingine ambalo orodha haiwezi kulionyesha ni mwelekeo. Chukua mrundo wa ankara na hati za kukabidhi mzigo. Ukianza na mauzo yaliyomo kwenye leja ukarudi nyuma kutafuta hati yenye saini ya mteja aliyepokea, unapima kama kilichoandikwa kilitokea. Ukianza na hati za kukabidhi mzigo zilizotoka getini ukaenda mbele kuzitafuta kwenye leja, unapima kama kilichotokea kimeandikwa. Nyaraka ni zilezile, aina ya ushahidi kwenye karatasi ni ileile, yaani kukagua nyaraka, lakini majibu yako mbali. Kwa kampuni yetu, inayotaka kuonekana kubwa mbele ya benki, kuanzia getini kwenda kwenye leja hakutaibua mauzo hewa hata moja, kwa sababu mauzo hewa hayakuacha hati getini. Utachambua nyaraka 60, zote zitakuwa sawa, na utatia vema. Kwa upande wa wadai, yaani wauzaji wanaoidai kampuni, hofu hugeuka: kampuni inaweza kuwa imeficha deni. Hapo kuanzia kwenye orodha ya wadai ni kupoteza muda, maana deni lililofichwa halimo kwenye orodha. Unaanzia nje, kwenye taarifa za wauzaji na malipo yaliyofanyika Januari, kisha unarudi kuuliza kama deni hilo lilikuwemo Desemba.

Na kuna karatasi inayoaminiwa kupita kiasi, nayo ni ripoti ya umri wa madeni inayochapishwa na mfumo wa kompyuta wa mteja. Inapanga madeni kwa siku 30, 60, 90 na zaidi, na mkaguzi huitumia kuamua hasara ya kutenga. Lakini ripoti hiyo ni ushahidi wa ndani uliovaa sura ya mashine. Kama mfumo unahesabu umri kuanzia tarehe ya malipo ya mwisho badala ya tarehe ya ankara, mteja aliyelipa shilingi laki moja mwezi Desemba ataonekana deni lake lote ni changa. Dawa si ngumu: chagua mistari kadhaa ya ripoti, fungua ankara zake, hesabu siku mwenyewe, kisha jumlisha ripoti na uone kama inafika bilioni 2.4 iliyoko kwenye leja. Bila hilo, uchambuzi wote unaofuata umesimama juu ya kitu ambacho hakikukaguliwa.

Kwa hiyo karatasi ninayoipendekeza inabaki na hatua zake zote, ila katikati yake panapita mstari wenye sehemu nne: dalili niliyoiona, kauli inayotishiwa, ushahidi utakaonionyesha kama tishio ni la kweli, na tokeo litakalonifanya nibadili mawazo. Sehemu ya nne ndiyo ngumu kuliko zote na ndiyo husahaulika. Kwa kihatarishi cha mauzo hewa, mstari utasomeka hivi: ankara za siku kumi za mwisho ni karibu maradufu ya kawaida, zinazotishiwa ni kauli za uwepo na za kipindi, nitatoka kwenye leja kwenda kwenye hati za kukabidhi mzigo zenye saini na tarehe, nitawaandikia wateja wakubwa, na nitapitia mauzo yaliyofutwa Januari, nikipata hata ankara moja ambayo mzigo wake ulitoka baada ya tarehe 31 Desemba, nitafungua zote za siku kumi.

Najua mapingamizi yatakayokuja. La kwanza ni la mwanafunzi: mtihani unatoa alama kwa kila dondoo, na orodha ndefu inapata alama nyingi. Kuna ukweli hapo kwa maswali yanayosema taja. Lakini maswali mengi ya ngazi za juu yanampa mtahiniwa maelezo ya kampuni, yanamwambia aeleze vihatarishi na namna mkaguzi atakavyovijibu, na hapo orodha humwangusha. Anaandika mkaguzi atakagua nyaraka, bila kusema nyaraka zipi, kutoka wapi kwenda wapi, ili kupima nini. Jibu la hivyo lingefaa kampuni yoyote, na msahihishaji anaona kwamba halikutoka kwenye maelezo aliyopewa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mtu atasema: mfumo wako wote umeegemea uthibitisho kutoka nje, na uthibitisho wenyewe hughushiwa. Ni kweli. Mwezi Juni 2020, kampuni ya malipo ya Wirecard ya Ujerumani ilikiri kwamba euro bilioni 1.9 zilizodaiwa kuwekwa kwa mdhamini katika benki mbili za Ufilipino huenda hazikuwepo, na siku chache baadaye, tarehe 25 Juni, ikaomba kutangazwa mufilisi. Benki hizo mbili zilisema nyaraka zilizotumika zilikuwa za uongo. Lakini kisa hicho, kwa maoni yangu, kinaimarisha hoja. Kihatarishi kilikuwa kimoja na chepesi kukitaja: je, fedha hizi zipo? Kauli ni uwepo. Jibu linalofaa kwa fedha zilizoko benki ni benki yenyewe ikimjibu mkaguzi moja kwa moja. Karatasi iliyopitia kwa mdhamini, au nakala iliyoletwa na mteja, imo kwenye kundi la ushahidi wa nje kwa jina tu. Kiwango namba 505 kinamtaka mkaguzi aishike njia nzima mwenyewe: achague nani aandikiwe, ahakikishe anwani, atume mwenyewe na apokee mwenyewe. Barua ikipitia kwenye meza ya mhasibu wa mteja, hata kwa nia njema ya kusaidia kuipeleka posta, imeshageuka kuwa ushahidi wa ndani. Swali la ushahidi huu unajibu nini linakwenda sambamba na swali la umepita mikononi mwa nani.

La tatu ni la ofisi ndogo za ukaguzi, zenye mkaguzi mmoja na wasaidizi wawili, ambao wateja wa mteja wao hawajibu barua. Hili nalikubali kama hali halisi. Muuza vigae wa mkoani anayepokea barua ya mkaguzi anaweza kudhani anadaiwa upya, au anaogopa kodi, akaiweka kando. Kutojibu si ushahidi wa chochote, na mkaguzi haruhusiwi kukuchukua kama kukubali pale alipoomba jibu. Lakini tazama jinsi mstari wa sehemu nne unavyosaidia hata hapa. Kwa kuwa unajua ulichotaka kujibiwa, unaweza kupata mbadala: malipo ya Januari yanayolingana na ankara, hati ya kukabidhi mzigo yenye saini na mhuri, kitabu cha mlinzi wa getini kinachoonyesha gari lilitoka siku gani, oda ya mteja. Aliyeandika tu kwenye karatasi yake kutuma barua kwa wadaiwa, barua zisiporudi hana la kufanya. Na kuhusu muda, mkaguzi mwenye watu wachache ndiye anayehitaji zaidi kuacha vipimo visivyojibu kihatarishi chochote. Kupitia vocha za mafuta ya gari za laki mbili laki mbili kwa siku tatu, wakati kiwango cha kufanyia kazi ni milioni 22.5, ni anasa ambayo ofisi ndogo haiwezi kuimudu.

Imebaki hatua ya kuhitimisha, na hapa karatasi nyingi hudokeza kwamba kupanga kumeshaisha zamani. Tuione kwenye kampuni yetu. Mteja mmoja mkubwa anajibu barua: anadaiwa milioni 120. Leja inasema 205. Tofauti ni milioni 85, sawa na ankara moja ya vigae ya tarehe 29 Desemba. Mhasibu anaeleza kuwa karani alikosea tarehe tu. Hati ya kukabidhi mzigo inaonyesha vigae vilitoka na kupokewa tarehe 6 Januari. Mauzo na deni vinapaswa kupunguzwa kwa milioni 85. Faida itashuka kwa kiasi gani? Tuseme vigae hivyo viliigharimu kampuni milioni 70. Jibu haliko kwenye faili la wadaiwa hata kidogo, liko kwenye karatasi za kuhesabia bidhaa za tarehe 31 Desemba. Kama vigae vilitengwa na havikuhesabiwa, basi ukiondoa mauzo unarudisha bidhaa za milioni 70, na faida inashuka kwa milioni 15, chini ya kiwango cha uzito. Kama vilikuwa ghalani na vikahesabiwa, basi vimeonekana mara mbili, kama mauzo na kama bidhaa, na faida inashuka kwa milioni 85 zote, karibu mara tatu ya kiwango cha uzito. Na kwa vyovyote, tokeo lililoandikwa kwenye sehemu ya nne ya mstari limetimia. Mkaguzi anarudi kwenye hatua ya kupanga, anaandika tarehe na sababu ya kubadili tathmini, na anaomba ankara zote za siku kumi za mwisho pamoja na kitabu cha getini cha Januari.